Kimya cha mwajiri hakina tarehe

"Hatukuwahi kupokea malalamiko rasmi kutoka kwa mlalamikaji."

Afisa rasilimali watu alilitamka hilo akiwa ameshaapa, mkono wake bado uko juu ya meza karibu na msahafu. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Mwamuzi aliandika. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa mlalamikaji kama mwakilishi wake, na mlalamikaji mwenyewe, ambaye hapa nitamwita Somoe, alinigeukia akaninong'oneza: "Mama, huyu si ndiye aliyeniambia nivumilie?"

Shauri hilo la unyanyasaji wa kijinsia kazini limeshaisha. Lakini lipo jambo ndani yake ambalo limenikaa kichwani kwa wiki nyingi, na halihusu Somoe peke yake. Linamhusu pia yule shahidi wetu aliyeingia baada yake, ambaye hadi leo anafanya kazi pale pale.

## Chumba cha kuchambua

Wengi mnaosoma hapa mnakijua kiwanda cha korosho kwa ndani, au dada zenu wanakijua. Korosho ghafi inapigwa mvuke, inabanguliwa, inakaushwa, inamenywa ganda la ndani, kisha inafika mezani kwa akina mama wa kuchambua. Wao ndio wanaotenganisha madaraja: W240 huku, W320 kule, vipande pembeni. Ni kazi ya macho na vidole, na ukilinganisha na kubangua ni kazi safi. Kwenye kubangua mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na kuacha vidole vyeusi wiki kadhaa.

Kwa hiyo ndani ya kiwanda, anayeamua nani akae meza gani ana nguvu kubwa kuliko cheo chake kinavyosomeka kwenye karatasi.

Huyo alikuwa mnyapara wa zamu. Alianza na maneno kuhusu umbo la Somoe mbele ya wenzake, akaendelea na mkono begani unaochelewa kuondoka, kisha simu za saa nne usiku. Somoe alipokataa, alihamishiwa meza ya vipande, ambako ziada ya kilo ni ndogo. Alipoendelea kukataa na kuanza kulalamika, Julai 17 akapelekwa kubangua. Hakuna karatasi ya uhamisho. Aliambiwa tu asubuhi, aproni mkononi.

Watu wengi wakisikia kisa hiki hukimbilia kwa mnyapara. Akamatwe, afukuzwe, ashitakiwe. Njia hizo zipo kweli. Mwenye mamlaka anayedai mwili wa mtu ili ampe haki yake kazini anaangukia kwenye rushwa ya ngono chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na hapo mlango ni wa TAKUKURU. Polisi nao wapo kwa makosa ya jinai.

Lakini sisi tulikuwa na swali jingine: mwajiri alijua nini, tangu lini, na alifanya nini baada ya kujua?

## Mara nne

Somoe alilalamika mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa Februari, kwa mdomo, ofisini kwa afisa rasilimali watu, mlango ukiwa wazi. Mara ya pili Aprili, kwa meneja wa uzalishaji, safari hii akiwa na wenzake wawili. Mara ya tatu Mei 9, kwa ujumbe wa WhatsApp. Mara ya nne Juni 12, kwa barua ya kuandika kwa mkono aliyompa katibu muhtasi, ambaye aliipokea, akaisoma, akaitia kwenye trei. Hakugonga mhuri na hakuandika kwenye daftari la dispachi.

Ukiziangalia kwa jicho la mwanasheria, tatu kati ya hizo nne ni dhaifu. Ya Februari ni neno la Somoe dhidi ya neno la afisa. Ya Aprili ina mashahidi, lakini mashahidi hao bado wanalipwa mshahara na kiwanda hicho hicho. Barua ya Juni haina alama yoyote kwamba ilifika.

Kilichotuokoa ni WhatsApp ya Mei. Si kwa sababu ya alichoandika Somoe, ingawa aliandika vizuri, akataja jina la mnyapara na kilichotokea. Ni kwa sababu alijibiwa:

"Nimekuelewa dada. Vumilia kidogo tumalize kontena hili, tutalifanyia kazi."

Mtu aliyejibu hivyo hawezi tena kusema hakujua. Na ndiyo maana, mbele ya mwamuzi, neno likawa "malalamiko rasmi". Hawakuweza kukana malalamiko, basi wakayakatalia hadhi.

Niseme jambo moja la vitendo hapa kwa sababu linapoteza watu. Picha ya skrini peke yake ni ushahidi mwepesi, kwa kuwa kila mtu anajua inaweza kutengenezwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii, ila uzito wake unategemea kama uhalisia wake unathibitika: umetoka kifaa gani, umehifadhiwaje, nani alikuwa nacho. Somoe alikuwa na simu ile ile, kioo kimepasuka, mazungumzo yote yamo ndani kuanzia mwanzo, namba ya afisa ikisomeka. Tulichapa, tukaambatisha kiapo, na simu yenyewe tukaenda nayo. Mdogo wake alikuwa amemshawishi abadilishe simu mwezi Julai. Namshukuru Mungu hakuwa na pesa.

## Barua aliyoandaliwa

Agosti mwanzoni, vidole vikiwa vimeshaungua, Somoe alimwambia afisa kwamba ameshindwa, anataka kuacha. Akapewa karatasi iliyokwisha chapwa. Ilisema anaacha kazi "kwa sababu za kifamilia" na anaushukuru uongozi kwa ushirikiano. Akaambiwa akisaini tu, cheti chake cha utumishi kitatoka siku hiyo hiyo.

Aliichukua kwenda nayo nyumbani, Mikindani, aisome. Mama yake, ambaye kusoma kwake ni kwa taabu, alimwomba amsomee kwa sauti. Alipofika pale pa familia mama akamkatiza: "Familia ipi? Sisi tumekufanya nini?"

Hapo ndipo Somoe alipokaa akaandika barua yake mwenyewe. Ilikuwa fupi. Alisema anaacha kazi kuanzia Agosti 14 kwa sababu amelalamika kuhusu mnyapara wa zamu mara nne, akataja miezi yote, na kwamba hakuna hatua iliyochukuliwa zaidi ya yeye kuhamishwa. Aliipeleka akiwa na binamu yake, wakakataliwa mhuri, wakaenda posta wakaituma kwa rejesta na kutunza risiti.

Hakuwa amezungumza na mimi wala na mtu mwingine yeyote wa sheria wakati huo. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi na bado nashangaa jinsi ilivyokaa sawa.

Kwa nini barua hiyo ni muhimu kiasi hicho? Kwa sababu mtu akijiuzulu, kwa kawaida hakuna wa kumlaumu, maana ameondoka mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inafungua mlango mmoja: mfanyakazi akiondoka kwa sababu mwajiri amefanya kuendelea na kazi kusivumilike, kuondoka huko kunahesabika kuwa mwajiri ndiye aliyemwachisha. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la 2007, kanuni ya 7, zinakwenda mbali zaidi. Zinataja sababu mbili zinazoweza kutosha kuhalalisha kujiuzulu kwa kulazimishwa. Ya kwanza ni unyanyasaji wa kijinsia, au kushindwa kumlinda mfanyakazi dhidi yake. Ya pili ni kutotendewa haki, ikiwa mfanyakazi ametumia njia zilizopo za kulalamika, isipokuwa awe na sababu nzuri ya kutozitumia.

Soma tena hilo la "kushindwa kumlinda". Mwajiri hahitaji kuwa yeye ndiye aliyeweka mkono begani. Kunyamaza kwake, akiwa anajua, kunatosha kuwa sababu.

Lakini mzigo wa kwanza uko kwa aliyeondoka. Mtu akifukuzwa, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Mtu akijiuzulu, yeye ndiye huthibitisha kwanza kwamba alilazimika. Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu imekuwa ikiuliza maswali makali: Je, hali ilikuwa haivumiliki kwa mtu yeyote wa kawaida, au ni yeye tu alichoka? Ni mwajiri aliyeisababisha? Ilionekana kwamba ingeendelea? Na kuondoka ndiyo njia pekee ya busara iliyobaki?

Karatasi ya "sababu za kifamilia" ingejibu maswali hayo yote kabla hatujafungua mdomo.

## Siku thelathini, siku sitini

Somoe alinifikia mwishoni mwa Agosti, kaletwa na shangazi yake anayeuza samaki karibu na ninapokaa. Swali langu la kwanza lilikuwa tarehe.

Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, Tangazo la Serikali Namba 64 la 2007, zinatoa siku 30 kufikisha mgogoro wa kuachishwa kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kuanzia siku ya kuachishwa. Migogoro mingine yote, ubaguzi ukiwemo, ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea.

Kwa kuachishwa, hesabu ilikuwa rahisi. Agosti 14 ukiongeza siku 30 ni Septemba 13. Tulikuwa ndani.

Kwa ubaguzi nikaanza kuumwa kichwa. Kifungu cha 7 cha sheria ya 2004, kama ilivyopitishwa, kinakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa misingi kadhaa, jinsi ikiwa mmojawapo, na kinasema wazi kwamba unyanyasaji kwa misingi hiyo ni aina ya ubaguzi. Kina faida kubwa pia: mlalamikaji akionyesha kwa awali kwamba kuna ubaguzi, mwajiri ndiye hubeba mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea au haukutokana na msingi huo. Kwa mfanyakazi asiye na mafaili, hiyo ni nafuu kubwa.

Sasa, mgogoro wa Somoe "ulitokea" lini?

Mkono begani: Februari. Umeshapita. Malalamiko ya Aprili: yamepita. Ujumbe wa Mei: umepita. Barua ya Juni 12, siku 60 zake zilikwisha Agosti 11, siku tatu kabla hajaacha kazi. Kilichobaki ni uhamisho wa Julai 17, ambao siku zake 60 zilikuwa zinaishia Septemba 15.

Uhamisho ule, ambao Somoe aliuona kama adhabu kubwa kuliko yote, ndio uliompa tarehe hai. Kama wangemwacha kwenye meza ya vipande na kuendelea kunyamaza, tungekuwa tunaomba kusamehewa kuchelewa, kwa fomu yake na kiapo chake, tukieleza tumechelewa kiasi gani, kwa nini, na kama shauri lina nguvu. Na sababu yetu ingekuwa nini? Kwamba tulikuwa tunasubiri mwajiri alifanyie kazi. Sishauri mtu yeyote aitegemee sababu hiyo. Siku za Tume hazisimami kwa kuwa mfanyakazi na bosi wanaongea, sembuse pale ambapo anayeongea ni mmoja tu.

Tulijaza Fomu CMA F.1 na kuifikisha Septemba 6, nakala kwa mwajiri, bila ada yoyote maana Tume haitozi. Fomu hiyo ni hati ya madai. Watu huijaza wamesimama kaunta, kwa kalamu ya kuazima, halafu miezi baadaye wanagundua kwamba walichokidai kwa mdomo hakimo. Ina sehemu ya ziada kwa migogoro ya kuachishwa kazi tu, na ukiijaza au kuiacha kimakosa, upande wa pili utalisimamia hilo hadi mwisho. Sisi tuliandika kujiuzulu kwa kulazimishwa, msingi wake kushindwa kumlinda dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, na uhamisho wa Julai 17 tukautaja kwa tarehe yake kama tendo la ubaguzi.

Usuluhishi haukufanikiwa. Yaliyosemwa kwenye chumba cha usuluhishi hubaki humo, kwa hiyo nayaacha. Tukaenda kwenye uamuzi.

## Kitabu cha utaratibu

Turudi kwa afisa na kiapo chake.

Hoja ya kiwanda ilikuwa kwamba kipo kitabu cha utaratibu wa malalamiko: mfanyakazi anajaza fomu maalumu, anaipeleka kwa msimamizi wake wa moja kwa moja, msimamizi anaipandisha. Somoe hakujaza fomu hiyo, hivyo hakutumia njia zilizopo, hivyo kujiuzulu kwake hakukuwa njia pekee. Waliongeza pia kwamba aliondoka bila notisi, kwa hiyo yeye ndiye anayedaiwa mshahara wa siku 28.

Ilikuwa hoja nzuri. Sitaki kujifanya kwamba haikunitisha. Kanuni yenyewe inazungumzia njia zilizopo za kulalamika, na mwamuzi aliinua kichwa walipoitoa.

Somoe aliruhusiwa kuwakilishwa na mtu anayemchagua mwenyewe, na alinichagua mimi, kwa hiyo maswali ya kumdodosa afisa yalikuwa yangu. Niliuliza machache. Kitabu hiki kiligawiwa kwa wachambuzi lini? Akasema kiko ofisini, anayekihitaji anakuja kukisoma. Kiko kwa lugha gani? Kiingereza. Msimamizi wa moja kwa moja wa Somoe alikuwa nani?

Akanyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Alikuwa mnyapara wa zamu.

Yaani utaratibu rasmi ulimtaka Somoe apeleke malalamiko dhidi ya mnyapara kwa mnyapara mwenyewe, kwenye fomu asiyowahi kuiona, kwa lugha asiyoisoma. Kama hiyo si "sababu nzuri ya kutozitumia", sijui ipi itakuwa. Na hata hivyo, alikwenda kwa afisa, akaenda kwa meneja, akaandika. Nikasoma jibu la WhatsApp kwa sauti, nikamwuliza afisa kama namba ni yake. Ni yake. Nikamwuliza kontena lile liliondoka bandarini lini. Mei hiyo hiyo, alisema. Na baada ya kontena kuondoka, alifanya nini?

Hakukuwa na faili. Hakukuwa na muhtasari wa kikao, wala barua kwa mnyapara, wala maelezo yake. Mwajiri aliyechunguza akakosea bado ana kitu cha kuonyesha. Huyu hakuwa na hata ukurasa mmoja, na nadhani hapo ndipo shauri lilipogeuka.

Tuzo ilitoka upande wetu. Mwamuzi alikubali kwamba kujiuzulu kulilazimishwa, kwamba mwajiri alijua na hakumlinda, na akaitupa hoja ya notisi kwa kuwa mtu aliyelazimika kuondoka hadaiwi notisi ya kuondoka. Kwenye ubaguzi hakuandika mengi. Aliuona uhamisho kama sehemu ya hali ile ile isiyovumilika. Ningependa angeandika zaidi. Somoe alipewa fidia inayohesabiwa kwa miezi ya mshahara, malimbikizo ya likizo na cheti cha utumishi. Kiwanda kilikuwa na wiki sita za kuomba mapitio Mahakama Kuu. Hakikuomba. Kililipa.

## Aliyebaki

Nilipaswa kufurahi tu. Nilifurahi, na shangazi yake alituletea ngisi ndoo nzima.

Ila kulikuwa na shahidi wetu wa pili, mmoja wa wale wawili walioongozana na Somoe kwa meneja mwezi Aprili. Dada wa makamo, mjane, watoto watatu. Alikuja mbele ya mwamuzi akatoa ushahidi akiwa bado mfanyakazi, jambo ambalo linahitaji moyo kuliko lolote nililofanya mimi. Katika ushahidi wake ilitoka kwamba mnyapara alimfanyia hayo hayo, mwaka mzima kabla ya Somoe, na kwamba naye alilalamika. Kwa mdomo. Akaambiwa litafanyiwa kazi.

Baada ya kikao aliniuliza nje, chini ya mwembe: "Na mimi je, dada? Mimi siachi kazi. Nikiacha watakula nini?"

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho kimekuwa kikinisumbua tangu siku ile. Kwa jinsi siku zinavyohesabiwa, aliyeondoka anapata mwanzo mpya. Siku anayoacha kazi inazaa siku 30, na ndani ya shauri hilo historia yote ya nyuma inaweza kusimuliwa ili kueleza kwa nini hali haikuvumilika. Aliyebaki hana mwanzo huo. Yeye ana siku 60 kwa kila tendo, na kila siku anayovumilia akisubiri kujibiwa inakatwa kwenye siku zake. Mwajiri anayekataa malalamiko kwa barua anampa mfanyakazi tarehe. Mwajiri anayenyamaza hampi kitu.

Sidhani waliotunga kanuni walikusudia hivyo. Lakini ndivyo inavyofanya kazi kwa mama anayehitaji mshahara wa mwisho wa mwezi, na naona ni kasoro inayostahili kurekebishwa: muda wa madai ya unyanyasaji uanze kuhesabiwa mwajiri anapotoa uamuzi kwa maandishi, na asipotoa, muda usianze.

Hadi hapo itakapobadilika, njia niliyoiona ni kuilazimisha tarehe ijitokeze. Kifungu cha 7 hakizungumzii matendo tu. Kinagusa pia kuacha kutenda. Kwa hiyo malalamiko ya maandishi yanayompa mwajiri muda maalumu wa kujibu yanatengeneza hoja: siku ile muda unapoisha bila hatua, kutochukua hatua huko ni tendo jipya la mwajiri, lenye tarehe yake. Nasema ni hoja. Mwamuzi anaweza kuikataa, akasema mgogoro wa kweli ulianza pale mkono ulipowekwa. Kwa sababu hiyo nisingemshauri mtu asubiri muda huo uishe ikiwa tendo la mwisho liko karibu na siku ya sitini; apeleke fomu kwanza, barua iende sambamba.

Kwa yule dada, tendo la mwisho halikuwa la mwaka jana. Wiki iliyofuata ushahidi wake, mnyapara alimpunguzia zamu mbili. Hilo alilisema kama jambo dogo, la pembeni, nusura asilitaje.

Tuliandika barua pamoja nyumbani kwangu, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Inataja kupunguzwa zamu kwa tarehe zake, inamtaja mnyapara kwa cheo na jina, inakumbusha malalamiko ya nyuma, na inaomba mambo mawili: zamu zirudishwe, na mnyapara asiwe ndiye anayempangia meza wakati uchunguzi unaendelea. Mwisho inasema: "Naomba jibu la maandishi ndani ya siku kumi na nne tangu kupokelewa kwa barua hii." Nakala mbili. Safari hii katibu muhtasi aligonga mhuri bila kuulizwa.

Fomu CMA F.1 yake iko kwangu, imejazwa hadi sehemu ya maelezo ya mgogoro. Siku ya sitini tangu zamu ya kwanza kukatwa nimeiandika juu yake kwa penseli, na tumekubaliana kwamba wakijibu au wasijibu, itapelekwa kabla ya hapo.